Mama Mdogo kwa Kitaliano



Katika ofisi ya msikiti wetu hapa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, huletwa karatasi za kila namna: hati za ndoa, mirathi, barua za utambulisho, maombi ya shule. Mwaka uliopita ililetwa karatasi ambayo hatukuwa tumeizoea. Ilikuwa rasimu ya barua ya mwaliko kutoka kwa kijana wetu anayefanya kazi katika ghala moja mjini Modena, Italia. Mkewe alikuwa amejifungua, naye alitaka mama yake afike kwa mwezi mmoja amwone mtoto. Rasimu ilikuwa ya Kiswahili. Alituomba tuipange vizuri, kisha dada mmoja Mtanzania aliyesoma Perugia aigeuze iwe Kitaliano cha kiofisi, kijana aitie saini na kuirudisha ili iambatanishwe na maombi ya viza katika ubalozi wa Italia, Dar es Salaam.

Tunayasimulia haya kwa sababu familia nyingi zenye watoto Ulaya hudhani kuwa kazi kubwa katika barua kama hii ni kupata mtu anayejua Kitaliano. Tuliyoyaona sisi ni kwamba kazi kubwa hufanyika kabla ya mfasiri kushika kalamu, na hufanyika kwa Kiswahili. Yapo maneno yetu matatu au manne yaliyo ya kweli kabisa tukiyasema barazani, lakini yakivushwa yalivyo hugeuka kuwa uongo kwenye karatasi ya watu wengine.

Jambo la kwanza ni kujua barua inasema na nani. Rasimu ya kijana ilianza kama zianzavyo barua zetu: salamu kwa mama, kwa wazee, kwa majirani, kumshukuru Allah kwa uzima, habari za mtoto, ndipo ikaja, "tunakuomba mama uje ututembelee." Ni barua njema, na mama aliposomewa alilia. Lakini barua inayotakiwa ubalozini haisemi na mama. Inasema na afisa wa viza kuhusu mama. Ni tamko la shahidi, si mazungumzo ya mtoto na mzazi. Kwa Kitaliano huanza kwa maneno "il sottoscritto", yaani "aliyetia saini hapa chini", kisha jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia, anwani ya nyumba na namba ya kibali cha ukaazi. Baada ya hapo huja neno moja linalobeba barua yote: "dichiara", yaani "anatamka". Yote yanayofuata yako chini ya neno hilo, na mwenye kutamka hubeba dhima yake kisheria. Fomu ya mwaliko ya Waitaliano humkumbusha mwenyeji kifungu cha 12 cha sheria yao ya wageni ya mwaka 1998, kinachohusu adhabu za kumsaidia mtu kuingia nchini kinyume cha sheria.

Kwa hiyo rasimu moja ilizaa barua mbili. Ile ya salamu ilibaki kwa mama, nayo ni haki yake. Ya pili tuliiandika upya kwa Kiswahili kikavu, sentensi fupi fupi, kila moja ikibeba jambo moja linaloweza kuthibitishwa kwa karatasi nyingine. "Sisi" yote tuliiondoa. Kwetu kusema "tunakualika" ni adabu, kwa kuwa mtu haalika peke yake bali na nyumba yake. Lakini tamko la kisheria halina "sisi". Mwenye nyumba ni nani, mwenye mshahara ni nani, mwenye kuwajibika ni nani? Ni mmoja, na yeye ndiye atakayetia saini.

Jambo la pili ndilo lililotushughulisha zaidi. Kijana aliandika "mama yangu", na pia "kaka yangu", kwa kuwa wazee walishauri mama asisafiri safari ndefu namna ile bila mahramu, na mwanawe wa kumzaa, anayeajiriwa na kampuni moja ya ukandarasi hapa mgodini, akawa tayari kumsindikiza. Sote hapa Kakola twajua ukweli wa familia hii. Mama huyu ni mama mdogo wa kijana. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa hajaacha kunyonya, na mdogo wake akamchukua. Kijana hajawahi kumwita kwa jina jingine ila mama, na mwana wa mama huyo ni kaka yake bila shaka yoyote. Hakuna mtu wa mtaa wetu angeliita hilo uongo.

Sasa tazama litokealo. Mfasiri akiletewa "mama yangu" ataandika "mia madre", nalo ni sahihi. Lakini maombi ya viza huambatana na vielelezo vya undugu. Cheti cha kuzaliwa cha kijana kinataja mama mwingine kabisa, tena marehemu. Afisa aliye mezani hajui habari za Kakola. Anaona karatasi moja inasema mama ni huyu, nyingine inasema mama ni yule, na juu ya zote tamko lililotiwa saini chini ya dhima ya kisheria. Hawezi kujua kama mbele yake kuna mapenzi au udanganyifu. Na karatasi moja ikishatiliwa shaka, nyingine zote huingia shakani pamoja nayo, hata zile zilizo safi.

Neno la Kitaliano la mama mdogo ni "zia". Hapo pana ufinyu wa lugha yao, kwani "zia" ni shangazi, ni mama mdogo, ni mama mkubwa, ni hata mke wa mjomba. Ili kubainisha huongezwa "materna", yaani wa upande wa mama. Na "kaka" mwana wa mama mdogo kwao ni "cugino", binamu, hata kama wawili hao walilala jamvi moja miaka kumi na tano. Liko na neno jingine la kuhadhari: "nipote". Hilo ni mjukuu na ni mpwa kwa pamoja. Bibi anayekwenda kumwona mjukuu na mjomba anayekwenda kumwona mpwa huandikwa neno lile lile, na ikiwa barua haikutaja mzazi aliye katikati, msomaji hawezi kujua ni yupi. Njia ya salama ni kueleza mnyororo wote: mtoto wa fulani, aliye dada wa fulani. Maelezo hayo ni marefu kidogo, lakini hayana mlango wa shaka.

Tulipomweleza mama kwamba katika karatasi ataitwa "zia", alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu katibu, yule nimembeba mgongoni toka hajajua kukaa. Leo Wazungu wananifanya shangazi?"

Hatukumjibu kwa habari za fomu. Tulimkumbusha kwamba dini yetu yenyewe haikuruhusu nasaba zichanganywe kwa sababu ya mapenzi. Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Waislamu waliamrishwa kuwanasibisha watoto wa kulea na baba zao wa kuwazaa. Malezi hayakupunguzwa thamani kwa hilo, ila jina la nasaba lilibaki mahali pake. Tukamkumbusha pia kisa cha binti wa Hamza, radhi za Allah ziwe juu yake, alipogombewa na Ali, Jaafar na Zaid nani amlee. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamua akae nyumbani kwa Jaafar, kwa kuwa mke wa Jaafar alikuwa mama mdogo wa binti huyo, na akabainisha kuwa ndugu wa kike wa mama yuko katika daraja ya mama. Angalia uadilifu wa uamuzi huo: hakuitwa mama mzazi, wala hakunyimwa daraja ya mama. Vyote viwili vilisemwa, kila kimoja kwa jina lake.

Basi ndivyo ilivyoandikwa. Sentensi ya Kiswahili tuliyompa mfasiri ilikuwa hii: "Mgeni ni mama mdogo wa mwenyeji, ndugu wa tumbo moja na mama yake mzazi aliyefariki, naye ndiye aliyemlea tangu utotoni." Kwa Kitaliano ikawa "zia materna", ikifuatwa na maneno ya kwamba alimlea mwenyeji baada ya kifo cha mama yake. Viliambatanishwa cheti cha kifo cha marehemu, vyeti vya kuzaliwa na barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha malezi. Lile lililokuwa hatari kwa barua likawa nguvu yake, kwani msomaji sasa anaelewa kwa nini mtu agharimie safari ya mama mdogo kana kwamba ni mama. Mama aliposomewa alisema, "Hapo sawa."

Pamoja na undugu yapo majina. Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na rasimu ilimtaja hivyo. Ubalozini hakuna Mama Fulani. Jina huandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo katika pasipoti, jina la ukoo likitangulizwa pale fomu inapotaka, hata kama Mwajuma wa pasipoti ana herufi moja zaidi ya Mwajuma wa cheti. Panapotofautiana, tofauti hiyo hurekebishwa au hutolewa kiapo mapema, kabla ya kupanda basi.

Jambo la tatu ni kurudi. Sababu mojawapo ya kunyimwa viza iliyochapwa katika fomu ya nchi za Schengen ni kwamba kuna shaka ya msingi kama mwombaji anakusudia kuondoka kabla ya viza kwisha. Kwa hiyo barua lazima iseme habari ya kurudi, na iseme wazi. Rasimu ya kijana ilisema, "watarudi nyumbani Inshaallah mwezi wa kumi na moja." Dada mfasiri alitupigia simu kwa neno hilo moja. Akisema "se Dio vuole", ambayo ndiyo tafsiri yake, msomaji wa Kitaliano aweza kusikia kusitasita, kana kwamba kurudi kwenyewe hakujaamuliwa. Akiliondoa, ameondoa neno ambalo Muislamu amefundishwa asiliache anapozungumzia jambo la kesho, kama ilivyo katika Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24. Afanyeje?

Tulilitafakari na imamu wetu. Aya inakataza mtu kujihakikishia atakalolifanya kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Allah. Haikatazi mtu kueleza lililokwisha kufanyika leo. Leo nafasi ya ndege ya kurudi imewekwa, tarehe 1 Novemba. Leo likizo ya kijana msindikizaji imeidhinishwa, na mwajiri ameandika siku ya kurejea kazini. Leo mama ana nyumba, shamba la mpunga na wajukuu wanne aliowaacha chini ya uangalizi wa dada yake. Hayo yote ni mambo ya sasa. Kwa hiyo badala ya "watarudi" tuliandika "kurudi kwao kumepangwa tarehe 1 Novemba", kwa Kitaliano "il rientro è previsto", kisha ushahidi ukafuata. Wala haikuandikwa kwamba kijana "anahakikisha" watarudi. Iliandikwa kwamba "anajifunga" kutimiza wajibu wake. Kujifunga ni ahadi ya nia na juhudi, na Muislamu huifunga kila siku katika mikataba yake. Inshaallah ilibaki katika barua ya mama na katika ndimi zetu. Na maneno ya Kitaliano yakawa na nguvu zaidi, maana jambo lililokwisha kupangwa humtuliza afisa kuliko ahadi tupu.

Jambo la nne ni fedha, na hapa tutakuwa wafupi. Kijana aliandika "gharama zote juu yangu", neno la ukarimu lisilo na kipimo. Italia ina kipimo. Agizo la Wizara yao ya Mambo ya Ndani la tarehe 1 Machi 2000 liliweka jedwali la fedha za kujikimu kwa mgeni kulingana na idadi ya siku na idadi ya wasafiri. Kwa safari inayozidi siku 20, msafiri wa peke yake hutakiwa euro 206.58 za mkupuo na euro 27.89 kwa kila siku. Wakiwa wawili au zaidi, kila mmoja ni euro 118.79 za mkupuo na euro 17.04 kwa siku. Senti hizo za ajabu zimetokana na lira ya zamani: euro 206.58 ni lira 400,000 zilizobadilishwa.

Wageni wetu walikuwa wawili, kuanzia tarehe 3 Oktoba hadi tarehe 1 Novemba, siku 30 ukihesabu ya kufika na ya kuondoka. Siku 30 mara 17.04 ni euro 511.20. Ongeza 118.79, kila mmoja ni euro 629.99, na wote wawili ni euro 1,259.98. Mama angekwenda peke yake angetakiwa euro 1,043.28. Hiki ni kipimo cha chini cha kujikimu, mbali na tiketi na bima. Bima yenyewe haipungui thamani ya euro 30,000, na hugharimia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, katika nchi zote za Schengen.

Fedha hizo huonyeshwa kwa taarifa za benki, au kwa dhamana ya benki au ya bima waiitayo "fideiussione". Dhamana hiyo hutozwa ada, na wengi wa wanachuoni wa fikihi hawakuruhusu malipo kwa ajili ya kudhamini tu, hivyo familia ilichagua taarifa za benki: za kijana wa Modena na za msindikizaji. Hapo kuna mtego. Wapo wanaokopa fedha kwa jamaa na kuzitia benki juma moja kabla ya kuomba viza, kisha kuzirudisha. Taarifa ya benki huonyesha mwendo wa miezi, na mlima unaochomoza ghafla baada ya tambarare ya miezi hauhitaji utaalamu kuuona. Ukiachilia dini inasemaje juu ya hila hiyo, haisaidii.

Kitaliano kilipokamilika hatukukipeleka moja kwa moja. Tulimwomba dada atusomee maandishi yake kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, bila kutazama rasimu yetu, huku sisi tukiitazama. Njia hii ndiyo tunayoiona bora kwa wasiojua lugha ya pili. Hatuwezi kumkagua mfasiri kwa Kitaliano, lakini twaweza kumsikiliza kwa Kiswahili. Mara mbili tulisikia jambo ambalo hatukuliandika. Mahali pamoja "mtoto" wa mwenyeji alikuwa amekuwa wa kiume, naye ni wa kike, kwa kuwa Kiswahili hakibainishi na Kitaliano hulazimika kubaini. Mahali pa pili "kukaa kwake" ilisomeka kama kuhamia, si kufikia kwa muda. Yote mawili yalirekebishwa kwa dakika moja. Kisha mama na mwanawe walisomewa barua yote kwa Kiswahili, mara tatu. Alama za vidole hutolewa na mwombaji mwenyewe, hivyo wote wawili walilazimika kufika Dar es Salaam, na aliye dirishani huweza kumuuliza mama, "Huyu mwenyeji ni nani wako?" Mama akijibu "mwanangu" na karatasi ikasema "zia", tumerudi tulikotoka. Alijifunza kujibu, "Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi."

Maombi hupokewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na waweza kufika siku 45. Familia iliomba miezi miwili kabla, na viza zilitoka za siku walizoomba. Kazi ya barua haikuishia hapo. Katika tamko lake mwenyeji alikuwa amejifunga kuwataarifu polisi wa mji wake, kwa maandishi, ndani ya saa 48 tangu kuwapokea wageni, kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha sheria ile ile. Wengi hulisahau hili kwa furaha ya mapokezi. Tulimpigia kijana simu siku ndege ilipotua, na kesho yake alikwenda.

Na anayenyimwa naye ana njia. Uamuzi wa kukataa hutolewa kwa maandishi ukitaja sababu, na kwa viza ya matembezi rufaa hupelekwa katika mahakama ya utawala ya mkoa wa Lazio, mjini Roma, ndani ya siku 60. Ni njia ya gharama na huhitaji wakili. Kwa wengi huwa nafuu kuisoma sababu iliyotiwa alama, kuitafuta katika karatasi zao, kuirekebisha na kuomba upya.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana, na inamwamuru mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika kama Allah alivyomfundisha. Tulizoea kuisoma tukifikiria madeni. Siku hizi tukiletewa barua ya kwenda kwa watu wa lugha nyingine huikumbuka kwa maana hii pia: uadilifu wa mwandishi ni kuhakikisha kwamba asomaye mbali, asiyetujua, anapata ukweli ule ule tuujuao sisi wa karibu. Kamati imehifadhi nakala ya rasimu ile ya Kiswahili kikavu, majina yakiwa yamefutwa. Familia yenye haja kama hiyo na iifuate ofisini kila siku baada ya swala ya alasiri, nayo itapewa bila malipo.

Wabillahi tawfiq.